Semina ya kwanza ya thamani eigeni: mpango wa dakika 100 kwa mlazo na kundi la mbuzi

Kila muhula wakufunzi wasaidizi wapya huniletea swali lilelile: "Wanafunzi wangu wanakokotoa thamani eigeni bila kukosea, ila nikiwauliza ni kitu gani, wananiangalia tu. Nianzie wapi?" Nimechoka kujibu vipandevipande kwenye korido, basi huu hapa mpango mzima, pamoja na muda, maswali ya mjadala na majibu unayopaswa kuyatarajia.

Kwa kifupi ni hivi. Usianze na ditaminanti. Anza na matriksi moja sumbufu, ile inayolaza mraba upande, wanafunzi wautafute kwa mikono mwelekeo usiogeuka. Kisha wape kundi la mbuzi linaloongezeka mwaka hadi mwaka, waone namba ileile waliyoitafuta kwenye mchoro ikijitokeza yenyewe kwenye hesabu ya mifugo. Mlinganyo uje katikati, wakati wenyewe wameshauhitaji.

Neno moja kuhusu majina. Semina ni mahali pa kujadili, na watu hujadili vizuri kwa lugha wanayoifikiria. Mimi nasema "thamani eigeni" kwa namba na "vekta eigeni" kwa mwelekeo wake. Eigeni limetoka kwenye neno la Kijerumani lenye maana ya "-a mwenyewe", na hiyo maana inasaidia: ni mwelekeo wa matriksi yenyewe. Ile matriksi ya kwanza naiita mlazo, kwa sababu hicho ndicho inachofanya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Wanafunzi wawe tayari wanajua kuzidisha matriksi ya 2 kwa 2 na vekta, kutafuta ditaminanti yake, na kutatua mlinganyo wa kipeuo cha pili. Hayo tu. Kama kuzidisha bado kunawashinda, ahirisha semina hii. Hakuna kitu kitakachoenda.

Andaa karatasi za grafu, mbili kwa kila mwanafunzi, rula, na kalamu za rangi mbili. Kikokotoo kimoja kwa kila kikundi cha watu watatu kinatosha. Beba pia bunda la karatasi la kurasa 500 ambalo limefunguliwa, au daftari kumi zilizopangwa juu ya meza. Utaliona kazi yake baada ya dakika chache.

Ratiba inasema saa mbili, lakini ondoa dakika za watu kuingia na za kikundi kinachofuata kugonga mlango. Nimepanga dakika 100.

Hatua za semina

1. Sukuma bunda (dakika 0 hadi 10). Weka bunda mezani, ligeuze ubavu wake uwatazame, kisha sukuma sehemu ya juu taratibu kwa kiganja. Ukurasa wa chini kabisa haujasogea, wa juu umesogea sana, na wa katikati umesogea nusu ya ule wa juu. Uliza: "Kimo cha bunda kimebadilika? Na ule ubavu uliokuwa mstatili, eneo lake limebadilika?" Majibu yote mawili ni hapana, maana karatasi ni zilezile na unene wake ni uleule. Andika ubaoni:

```
S = [ 1  1 ]
    [ 0  1 ]
```

Waambie waizidishe na (x, y). Watapata (x + y, y): kimo kinabaki, na kila nukta inasogea kulia kwa kiasi cha kimo chake. Hapo bunda na matriksi vimekuwa kitu kimoja. Usiseme neno "eigeni" bado.

2. Wawinde mwelekeo usiogeuka (dakika 10 hadi 35). Kila mmoja achore vekta hizi kwa rangi ya kwanza, kisha matokeo yake kwa rangi ya pili: (1, 0), (0, 1), (1, 1), (2, 1), (−1, 1), (−2, 1). Matokeo yatakuwa (1, 0), (1, 1), (2, 1), (3, 1), (0, 1), (−1, 1). Uliza swali moja tu na uliache juu ya ubao: *Ni vekta zipi zimebaki kwenye mstari wake uleule unaopita (0, 0)?*

Wengi wataona haraka kwamba (1, 0) haikuguswa, na kwamba (5, 0) na (−3, 0) nazo zingebaki palepale. Sasa waulize: "Kuna mwelekeo mwingine?" Wape dakika tano kamili na unyamaze. Hapa wakufunzi wengi hukosa uvumilivu na kutoa jibu, na kwa kufanya hivyo wanaitupa sehemu bora ya semina.

Ukizunguka utasikia mambo mawili. La kwanza ni la yule anayesema (0, 1) "inaelekea" kuwa mlalo. Mwache arudie mlazo mara kwa mara: (1, 1), (2, 1), (3, 1), mpaka (10, 1) baada ya mara kumi. Pembe yake na mhimili wa x sasa ni kama nyuzi 6, na itazidi kupungua, lakini haifiki sifuri. Kukaribia mstari si kukaa juu yake.

La pili ni kosa la werevu, na hutokea karibu kila mwaka. Mwanafunzi anasema: "Mstari wa y = 1 wote unabaki palepale, kwa hiyo nao ni mwelekeo wa matriksi." Ni kweli kwamba nukta zote za mstari huo zinatelezea ndani ya mstari huohuo. Lakini mwelekeo wa vekta unapimwa kutoka (0, 0), na mstari wa y = 1 haupiti hapo. Mwambie achore mshale kutoka (0, 0) hadi (1, 1), halafu hadi (2, 1): mshale umeinama, ingawa ncha haikuacha mstari wake. Nakushauri umwite aje kuonyesha ubaoni, maana kosa hilo likishachorwa mbele ya wote hutalisikia tena muhula mzima.

Mwafaka uwe huu: mlazo una mwelekeo mmoja tu usiogeuka, ule wa mlalo, na vekta zake zinazidishwa mara 1.

3. Funga mkasi (dakika 35 hadi 50). Sasa gusa namba moja, ile ya chini kulia:

```
T = [ 1  1 ]
    [ 0  d ]
```

Anza na d = 2. Waambie wajaribu (1, 1). Inakuwa (2, 2): mwelekeo uleule, urefu mara mbili. Kumbe sasa ipo miwili, mlalo unaozidishwa mara 1 na ulalo unaozidishwa mara 2. Kisha d = 1.5, wajaribu (1, 0.5), inakuwa (1.5, 0.75), yaani mara 1.5. Kisha d = 1.1, wajaribu (1, 0.1), inakuwa (1.1, 0.11).

Wachore mistari yote mitatu kwenye grafu moja. Kwa d = 2 mstari wa pili uko nyuzi 45 juu ya mlalo, kwa 1.5 uko kama nyuzi 27, kwa 1.1 uko kama 6. Waulize: "d ikifika 1, mstari wa pili unakwenda wapi?" Watauona mkasi ukijifunga. Mwelekeo wa pili ni (1, d − 1), na d ikiwa 1 unaangukia juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo mlazo haukuzaliwa na mwelekeo mmoja kwa bahati mbaya. Ni mahali ambapo mielekeo miwili imegongana, na namba mbili zimekuwa moja.

Ukiwa na dakika chache hapa, afadhali upunguze mazungumzo kuliko kuacha mchoro. Mchoro huu ndio utakaowaokoa siku wakikutana na matriksi isiyoweza kugeuzwa kuwa ya ulalo, wakadhani wamekosea hesabu.

4. Mlinganyo, kwa kifupi (dakika 50 hadi 60). Sasa taja majina. Vekta eigeni ni vekta v isiyo sifuri ambayo matriksi M inairefusha, inaifupisha au inaigeuza nyuma bila kuitoa kwenye mstari wake. Thamani eigeni λ ni kiasi cha kuzidisha:

```
M v = λ v
(M − λI) v = 0
det(M − λI) = 0
```

Mstari wa pili unasema kwamba M − λI inaibana vekta isiyo sifuri mpaka inakuwa sifuri. Matriksi inayoweza kufanya hivyo ni ile inayolibana eneo lote la mraba mpaka likabaki mstari au nukta, yaani ditaminanti yake ni sifuri. Sentensi hizo mbili zinatosha. Waujaribu mlinganyo kwenye mlazo: (1 − λ)² = 0, λ = 1 mara mbili. Kwenye T: (1 − λ)(d − λ) = 0. Yanalingana na mchoro.

Onyo: hapa ndipo utashawishika kutoa mfano wa 3 kwa 3. Usifanye hivyo. Utakula dakika 20 kwenye mabano na mbuzi watabaki nje.

5. Jenga kundi la mbuzi (dakika 60 hadi 70). Utaratibu wa kuhesabu idadi ya viumbe kwa matriksi za rika ulienezwa na P. H. Leslie wa Oxford kwa makala yake ya 1945. Sisi tunatumia marika mawili tu, na namba nimezitunga ili hesabu ziishe vizuri. Waambie hivyo waziwazi, wasije wakazinukuu kama takwimu.

Tunahesabu majike peke yao. Kila mwaka jike mkubwa anazaa, kwa wastani, mtoto jike mmoja. Kati ya watoto, asilimia 60 wanafika mwaka unaofuata na kuwa wakubwa. Kati ya wakubwa, asilimia 70 wanabaki. Wengine wanakufa, wanachinjwa au wanauzwa. Ukiandika watoto juu na wakubwa chini:

```
M = [ 0    1   ]
    [ 0.6  0.7 ]
```

Wanafunzi waijenge wenyewe kabla hujaiandika. Wape kanuni hii: *safu wima inasema wanatoka wapi, safu mlalo inasema wanakwenda wapi.* Safu wima ya kwanza ni watoto: hakuna anayebaki mtoto, 0.6 wanakuwa wakubwa. Ya pili ni wakubwa: kila mmoja analeta mtoto 1, na 0.7 wanabaki wakubwa.

6. Hesabu miaka kwa mkono (dakika 70 hadi 80). Mfugaji ameanza kwa kununua majike wakubwa 85, bila mtoto hata mmoja. Gawa kazi: kila kikundi kihesabu mwaka mmoja na kupasa matokeo kwa kinachofuata. Ubaoni itatokea hivi, baada ya kukadiria hadi desimali moja:

```
mwaka  watoto  wakubwa  jumla   ukuaji
0       0.0     85.0     85.0
1      85.0     59.5    144.5   1.70
2      59.5     92.7    152.2   1.05
3      92.7    100.6    193.2   1.27
4     100.6    126.0    226.5   1.17
5     126.0    148.5    274.5   1.21
6     148.5    179.5    328.1   1.20
```

Waonye wasikadirie katikati ya hesabu. Kikokotoo kishike desimali zote, ubao uandikwe moja.

Uliza: "Safu ya ukuaji inafanya nini?" Watasema inaruka juu na chini, kisha inatulia karibu na 1.2. Waulize kwa nini mwaka wa kwanza uliruka hadi 1.70. Jibu liko kwenye kundi lenyewe: mfugaji alinunua wakubwa watupu, wote wakazaa mara moja. Mwaka wa pili ulianza wengi wakiwa watoto wasiozaa, ndiyo maana ukuaji ukaporomoka. Mruko ule ni wa mpangilio wa rika. Haukuwa uwezo wa kundi.

7. Mlinganyo ukutane na jedwali (dakika 80 hadi 90). Sasa wakokotoe:

```
λ² − 0.7λ − 0.6 = 0
λ = 1.2  au  λ = −0.5
```

Ngoja kidogo. Mara nyingi kuna mtu atasema kwa sauti, "Ile 1.2!" Vekta yake ni (5, 6): zidisha uone inakuwa (6, 7.2). Maana yake, kundi likiwa na watoto 5 kwa kila wakubwa 6, kila rika linakua kwa asilimia 20 na uwiano haubadiliki. Mwaka wa 6 kwenye jedwali, 148.5 kwa 179.5, umeshaukaribia sana uwiano huo.

Na −0.5? Vekta yake ni (2, −1). Hakuna zizi lenye mbuzi −1, lakini vekta hii si kundi, ni tofauti kati ya kundi ulilonalo na lile lililotulia. Waonyeshe kwamba kundi la mwanzo linavunjika hivi:

```
(0, 85) = 10·(5, 6) − 25·(2, −1)
jumla ya mwaka n = 110·(1.2)^n − 25·(−0.5)^n
```

Sehemu ya pili inabadili alama kila mwaka na kupungua kwa nusu. Huo ndio mruko wa juu na chini mliouona kwenye safu ya ukuaji, na ndiyo sababu ulikwisha haraka.

8. Mjadala wa mwisho (dakika 90 hadi 100). Chagua maswali mawili kati ya haya, usijaribu yote.

*Mfugaji anataka kundi lisikue wala lisipungue, auze zaidi. Abakize asilimia ngapi ya wakubwa?* Weka λ = 1 kwenye λ² − pλ − 0.6 = 0; p = 0.4. Abakize asilimia 40 badala ya 70. Waulize pia kama angeanza kufanya hivyo mwaka ule wa 1.70, akidhani ukuaji ndio huo, angeshangazwa na nini mwaka unaofuata.

*Sotoka ya mbuzi na kondoo imeingia, na vifo vya watoto vimeongezeka. Kundi linaanza kupungua watoto wanaofika utu uzima wakiwa chini ya asilimia ngapi?* Weka s mahali pa 0.6 ya watoto; kwa p = 0.7, λ inashuka hadi 1 pale s inapokuwa 0.3. Nusu ya kiwango cha mwanzo.

*Kwenye mlazo, (0, 1) ilikaribia mlalo. Kwenye mbuzi, kundi lilikaribia (5, 6). Ni jambo moja?* Hili nalipenda kuliko yote. Mbuzi wanakaribia kwa kasi, kwa sababu kosa linazidishwa na −0.5 huku kundi likizidishwa na 1.2. Mlazo una 1 na 1, hakuna inayoizidi nyingine, kwa hiyo unakaribia kwa kujivuta: baada ya mara 100 bado una (100, 1).

Kwa waliomaliza mapema: wahesabu watoto jumlisha mara mbili ya wakubwa kila mwaka. Watapata 170, 204, 244.8, na uwiano ni 1.2 tangu mwaka wa kwanza, bila mruko wowote. Waache wajiulize kwa nini mkubwa mmoja anahesabiwa kama watoto wawili.

Mambo yakienda kombo

*Kikundi kimepata 1.2 lakini uwiano wa 1 kwa 2 badala ya 5 kwa 6.* Wamegeuza matriksi, safu wima zikawa safu mlalo. Kosa hili linajificha vizuri, kwa sababu matriksi iliyogeuzwa hivyo ina thamani eigeni zilezile. Usiangalie λ pekee. Dai vekta, kisha izidishwe na M iliyo ubaoni.

*"Nimepata (10, 12), mwenzangu (5, 6), nani kakosea?"* Hakuna. Mwelekeo ni mmoja. Warudishe kwenye mchoro wa hatua ya 2, ambako (5, 0) na (−3, 0) zilikuwa kwenye mstari mmoja.

*Mtu anasema (0, 0) ni vekta eigeni ya kila kitu.* Ndiyo maana tumeikataza: ingekubali λ yoyote, na isingetuambia chochote. Angalia asichanganye na λ = 0, ambayo inaruhusiwa kabisa.

*"Mbuzi 59.5?"* Ni wastani. Kundi la mbuzi 85 linavumilia wastani. La mbuzi watatu halivumilii, kwa sababu kifo kimoja kinaharibu hesabu yote. Hapo matriksi hii haifai.

*Mtu anauliza kuhusu mzunguko wa nyuzi 90.* Swali zuri, wakati mbaya. Mwache ajaribu kuchora vekta isiyogeuka, ashindwe, kisha aandike λ² + 1 = 0 kwenye kona ya ubao. Mtaanzia hapo wiki ijayo.

*Muda umebana na mko dakika ya 65 bado kwenye mkasi.* Ruka hatua ya 6 kwa mkono, wape jedwali lililochapwa, uende moja kwa moja hatua ya 7. Hatua ya 2 usiifupishe.

*Mwanafunzi mwenye kompyuta anadai mlazo una vekta mbili.* Huyu ameandika hivi:

```python
import numpy as np
S = np.array([[1, 1], [0, 1]])
print(np.linalg.eig(S))
```

Kompyuta imempa safu wima mbili, (1, 0) na (−1, 2.22e-16). Namba hiyo ya mwisho ni sifuri iliyochafuliwa na ukadiriaji wa desimali, kwa hiyo safu zote mbili ni mstari uleule wa mlalo, mmoja ukitazama kulia na mwingine kushoto. Mwambie abadili namba ya chini kulia iwe 1.1, kisha 1.01, atazame safu ya pili ikishuka. Akiweka matriksi ya mbuzi atapata 0.64 na 0.77, pengine zote zikiwa na alama ya kutoa. Hiyo ni (5, 6) iliyofupishwa hadi urefu wa 1. Agawe ya pili kwa ya kwanza, apate 1.2. Hiyo 1.2 ni uwiano wa wakubwa kwa watoto, na imelingana na λ kwa sababu kila mkubwa analeta mtoto mmoja kamili. Akibadili uzazi uwe 1.5, namba hizo mbili zitaachana.